Mkanda wa meno kwenye feni ya kukaushia mahindi: kuchagua pichi na idadi ya meno

Msimu wa mavuno ukikaribia, maswali ya mafundi wanaoanza huwa yaleyale. Je, mkanda wa meno ni bora kuliko wa V? Nichukue saizi gani? Kwa nini niliufunga mpya na meno yakanyofoka wiki ya pili? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mashine moja tangu mwanzo hadi mwisho: feni ya mashine ya kukaushia mahindi, ya aina inayotumika Masindi na Kiryandongo nchini Uganda, inayoendeshwa na mota ya 7.5 kW. Ukiielewa hii, mashine nyingine utazipigia hesabu kwa njia hiyohiyo.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Kuna mkanda wa V wenye mikato upande wa ndani. Mikato ile inausaidia kujikunja kwenye puli ndogo tu. Bado ni mkanda wa V, na unashika kwa msuguano wa mbavu zake. Mkanda wa meno tunaouzungumzia hapa ni bapa, una meno ndani, na puli yake pia ina meno. Hauna pa kuteleza.

Ni wapi unaushinda mkanda wa V, na ni wapi hauushindi

Mkanda wa V ukiwa mpya na umekazwa vizuri hupitisha asilimia 95 hadi 98 ya nguvu ya mota. Ukianza kulegea na kuteleza, unaweza kupoteza asilimia 5 nyingine. Mkanda wa meno hukaa kwenye asilimia 98 hivi kwa maisha yake yote, na hauhitaji kukazwa kila mara. Kwa mota ya 7.5 kW, asilimia 3 hadi 5 ni kama kilowati 0.2 hadi 0.4. Feni ikifanya kazi saa 20 kwa siku kwa siku 60 za msimu, hizo ni saa 1200, yaani yuniti 270 hadi 450 za umeme. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili yako, kisha ulinganishe na gharama ya puli mbili na mkanda. Kama feni yako inafanya kazi saa mbili tu kwa siku, baki na mkanda wa V. Pesa haitarudi.

Mkanda wa meno unafaa mashine yenye mzigo laini inayofanya kazi saa nyingi, kama feni au pampu ya maji, na mashine ambayo mwendo wake lazima uwe kamili, kama ya kupima na kufungasha unga. Kwenye kinu cha nyundo sishauri kabisa. Kinu kinameza jiwe au kipande cha chuma, rota inakwama ghafla, na mkanda wa V unateleza, unapiga kelele, unanuka moshi, lakini shafti inapona. Mkanda wa meno hautatoa nafasi hiyo: meno yatanyofoka, au shafti itapinda. Mashine ya kukata muhogo na ile ya kuvunja mawe ni vilevile.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Takometa ya kupimia mwendo wa shafti. Ya taa inatosha.
- Klampu mita ya kupima ampea za mota.
- Kalipa, na rula ndefu ya chuma iliyonyooka kabisa.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au nyama, inayosoma hadi kilo 10.
- Kibao cha mota: nguvu, mwendo na ampea.
- Katalogi ya mtengenezaji wa mkanda utakaoununua. Bila hiyo huwezi kujua upana.
- Mota iliyokaa kwenye reli za kuteleza, ili iweze kusogezwa mbele na nyuma.

Kabla ya kugusa chochote zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na uweke ufunguo mfukoni mwako mwenyewe. Feni kubwa inaweza pia kuzungushwa na upepo wa ghalani hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo ifunge kwa kamba au kabari.

Hatua ya 1: Pima mwendo halisi wa feni, usiuhesabu kwa puli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mota yetu inazunguka mara 1450 kwa dakika ikiwa na mzigo. Puli za V zilizopo zina uwiano wa 1.5, kwa hiyo kwa hesabu feni ingezunguka mara 967. Takometa inasoma 930. Tofauti hiyo, karibu asilimia 4, ni mtelezo wa mkanda.

Fundi anayeanza huona uwiano wa 1.5, ananunua puli za meno zenye uwiano wa 1.5, na feni inaanza kuzunguka 967 kamili. Feni haisamehe jambo hilo. Nguvu inayokula hupanda kwa mwendo ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. 967 ukigawa kwa 930 unapata 1.04, na 1.04 × 1.04 × 1.04 ni karibu 1.12. Feni sasa inadai nguvu zaidi kwa asilimia 12. Ulifunga mkanda wa kuokoa umeme, na bili imepanda. Mota iliyokuwa inafanya kazi karibu na kikomo chake itapata joto na kuanza kuangusha swichi ya kinga.

Muulize mwenye mashine swali moja: hewa unayopata sasa inatosha kukausha? Akisema ndiyo, lengo lako ni 930, si 967. Andika pia ampea za sasa. Utazihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Pata nguvu ya kuchagulia

Usichague mkanda kwa 7.5 kW tupu. Kuwasha mota na kufanya kazi saa nyingi vinauchosha mkanda, kwa hiyo nguvu huzidishwa kwa kipimo cha usalama kilicho kwenye katalogi. Kwa feni ya kufanya kazi mchana na usiku mimi hutumia 1.7. Katalogi yako ikisema tofauti, fuata katalogi.

7.5 × 1.7 = 12.75 kW.

Hatua ya 3: Chagua pichi

Pichi ni umbali kutoka katikati ya jino moja hadi katikati ya jino linalofuata. Mikanda ya meno ya duara inayopatikana zaidi kwa mashine huandikwa HTD, na pichi zake za kawaida ni milimita 3, 5, 8 na 14, zikiandikwa 3M, 5M, 8M na 14M. Katalogi ina chati yenye nguvu upande mmoja na mwendo wa puli ndogo upande wa pili. Kwa 12.75 kW na mwendo wa 1450 utaangukia 8M. 5M ni ndogo mno kwa nguvu hiyo. 14M itafanya kazi, lakini puli zake ni kubwa, nzito na ghali bila sababu.

Kuna pichi zinazofanana sana machoni. Mkanda wa XL una pichi ya milimita 5.08, na wa T5 una milimita 5.00 kamili. Ukivalisha mmoja kwenye puli ya mwingine utaingia vizuri tu mkononi, lakini meno 20 yakishika tofauti imeshafika milimita 1.6 na meno yanapandana. Ukitaka kujua pichi ya mkanda wa zamani, pima umbali wa meno kumi kisha ugawe kwa kumi. Usipime jino moja.

Mkanda wa timing wa gari kutoka soko la vipuri la Kisekka usiutumie hapa. Baadhi yake una pichi ya milimita 8, lakini umbo la jino ni la injini fulani, na puli za mashine hazilingani nalo.

Hatua ya 4: Chagua idadi ya meno

Uwiano tunaoutaka ni 1450 ÷ 930, yaani 1.56. Puli za 8M haziuzwi kwa kila idadi. Zinazopatikana kwa urahisi ni kama meno 22, 24, 28, 30, 32, 34, 36, 38, 40, 44, 48, 56, 64, 72, 80, 90 na 112. Tafuta mbili zinazogawana kukaribia 1.56. 56 kwa 36 ni 1.556. Feni itazunguka 1450 ÷ 1.556, yaani mara 932. Hiyo ndiyo tuliyoitaka.

Mwuzaji anaweza kukushauri puli ndogo zaidi, kwa mfano 24 kwenye mota, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kataa, na sababu ni hesabu fupi. Kasi ya mkanda ni idadi ya meno mara pichi mara mizunguko:

```
v = z × p × n / 60000
v: mita kwa sekunde   z: meno   p: pichi kwa mm   n: mizunguko kwa dakika
```

Kwa meno 36 kasi ni mita 6.96 kwa sekunde, na mvuto wa kubeba wati 7500 ni 7500 ÷ 6.96, karibu niutoni 1078, sawa na kunyanyua kilo 110 hivi. Kwa meno 24 kasi inashuka hadi 4.64, na mvuto unapanda hadi niutoni 1616. Nguvu ni ileile, lakini mkanda, meno na beringi zinavutwa zaidi kwa nusu nzima. Isitoshe, mota ya 7.5 kW ya saizi hii kwa kawaida ina shafti ya milimita 38, na puli ya meno 24 ina kipenyo cha milimita 61 tu. Ukitoboa tundu la 38 na kuchonga njia ya kii, chuma kinachobaki chini ya meno ni chembamba mno.

Kwa mwendo wa 1450, usishuke chini ya meno 28 kwenye 8M.

Hatua ya 5: Urefu wa mkanda

Pata kipenyo cha kila puli kwa kuzidisha meno kwa pichi na kugawa kwa 3.1416. Meno 36 yanatoa milimita 91.67, na meno 56 yanatoa 142.60. Pima umbali kati ya katikati ya shafti mbili. Kwenye mashine hii ni 380.

```
L = 2C + 1.571 × (D + d) + (D − d)² / (4C)
L: urefu wa mkanda   C: umbali wa shafti   D: kipenyo cha puli kubwa   d: kipenyo cha puli ndogo   (vyote kwa mm)
L = 760 + 368 + 1.7 = 1129.7 mm
```

Urefu lazima ugawanyike kwa pichi, na lazima uwe unauzwa. Ulio karibu ni 1120, wenye meno 140. Kwa mkanda huo umbali wa shafti unakuwa milimita 375, kwa hiyo mota inasogezwa milimita 5 tu kuelekea feni. Hakikisha reli zina nafasi ya kusogea mbele zaidi ya hapo, kwa sababu mkanda huu hauvutiki na huwezi kuuvalisha bila kulegeza mota kwanza.

Angalia pia meno yanayoshikana kwenye puli ndogo. Yasipungue 6. Hapa mkanda unaizunguka puli ndogo kwa nyuzi 172, na meno yanayoshika ni 17. Tatizo hili huja pale puli moja ni kubwa sana, nyingine ni ndogo, na shafti ziko karibu.

Hatua ya 6: Upana

Fungua jedwali la nguvu la 8M kwenye katalogi, tafuta meno 36 na mwendo wa 1450, na usome nguvu kwa kila upana. Chukua upana wa kwanza unaofikia 12.75 kW. Kwa meno 36, tarajia kuangukia milimita 50. Upana wa 30 kwa kawaida hautoshi. Mkanda wa kuagiza unaandikwa 1120-8M-50, na puli ni 36-8M-50 na 56-8M-50. Andika namba hizo kwenye karatasi na uende nazo dukani. Usiseme tu "mkanda wa meno wa feni".

Vumbi la mahindi linaweza kushika moto, kwa hiyo omba mkanda wa mpira usiojilimbikizia umeme tuli, na uuone umeandikwa hivyo kwenye katalogi. Mikanda ya plastiki, ile myeupe au ya njano, kwa kawaida haina sifa hiyo.

Hatua ya 7: Funga na unyooshe puli

1. Toa puli zote mbili za zamani. Usibadilishe moja na kuacha nyingine.
2. Zungusha shafti ya feni kwa mkono. Beringi ikikwaruza, ibadilishe sasa.
3. Funga puli mpya kwa bushi ya koni, ukikaza bolti zake kwa zamu na kidogokidogo. Safisha mafuta yote kwenye koni kabla ya kukaza.
4. Weka rula ya chuma kwenye uso wa puli zote mbili. Kwa umbali wa milimita 375, mwachano usizidi milimita 1.5. Mkanda wa V ungevumilia zaidi ya hapo, huu hauvumilii.
5. Kagua msingi wa mota. Chuma chembamba kilichotosha kwa mkanda wa V kinaweza kujikunja mota inapoanza, na umbali wa shafti ukafupika kwa sekunde moja. Sekunde hiyo ndipo mkanda unaporuka meno. Mwambie fundi wa kuchomelea aongeze mkono wa kuukaza msingi.

Hatua ya 8: Valisha na ukaze

Sogeza mota mbele, valisha mkanda kwa mikono, kisha irudishe nyuma. Usiuchokoe mkanda kwa bisibisi juu ya ukingo wa puli, na usiukunje kwa nguvu hata wakati wa kuubeba. Nyuzi zilizo ndani hukatika bila kuonyesha alama nje, na mkanda utakatika kazini kwa mstari ulionyooka.

Kaza kwa kipimo. Kipande cha mkanda kisichogusa puli kina urefu wa milimita 374 hivi. Gawa kwa 64, unapata karibu 6. Shika katikati ya kipande hicho kwa mizani ya kuning'iniza, vuta hadi mkanda usogee milimita 6, na usome. Kwa mkanda huu, hesabu yangu ni kilo 5 hadi 6. Linganisha na jedwali la mtengenezaji. Anayetoka kwenye mikanda ya V hukaza kupita kiasi, kwa sababu mkono wake umezoea kutafuta msuguano. Hapa meno ndiyo yanayobeba, na mkazo kazi yake ni kuyazuia yasirukane tu.

Usipake dawa ya mikanda, mafuta wala sabuni.

Hatua ya 9: Washa na upime tena

Rudisha kinga ya mkanda kabla ya kuwasha. Iwe na matundu ya hewa, lakini izuie pumba na vumbi, kwa sababu uchafu ukijaa kati ya meno ya puli mkanda hupanda juu na kunyooka kupita uwezo wake. Kama swichi ya mota inawasha moja kwa moja, weka ya star-delta au ya kuwasha polepole. Rota ya feni ni nzito, na mshtuko wa mwanzo ndio mzigo mkubwa kuliko wote ambao mkanda huu utaubeba.

Pima mwendo. Unapaswa kuwa 932 hivi. Pima ampea na ulinganishe na zile za mwanzo. Ziwe sawa au pungufu kidogo. Zikiwa juu sana, mwendo umezidi, au idadi ya meno si ile uliyoagiza. Hesabu meno ya puli kwa kidole, usiamini lebo. Baada ya siku ya kwanza ya kazi zima, funga kufuli, na uangalie mkazo na bolti mara moja tena.

Matatizo na chanzo chake

*Mlio wa juu unaoendelea.* Mkanda huu una mlio wake wa kawaida, mkali kuliko wa V. Ukizidi, mara nyingi umekaza mno au puli hazijanyooka. Legeza kidogo na usikilize.

*Ukingo wa mkanda unachanika nyuzi.* Puli hazijanyooka. Mkanda kuegemea upande mmoja taratibu ni kawaida, na ndiyo kazi ya kingo za puli. Kuusukuma ukingo kwa nguvu si kawaida.

*Mlio wa tak-tak-tak wakati wa kuwasha tu.* Mkanda unaruka meno. Umelegea, au msingi wa mota unajikunja. Angalia msingi kwanza, kwa sababu ukikaza tu utaua beringi.

*Meno yananyofoka yote kwenye kipande kimoja.* Mshtuko: feni ilikwama, au mota iliwashwa huku feni ikizunguka kinyume kwa upepo. Yakinyofoka kidogokidogo kila mahali, upana ulikuwa mdogo, au mkanda ulikuwa umelegea kwa muda mrefu.

*Mkanda umekatika kwa mstari ulionyooka ukiwa bado mpya.* Ulikunjwa kabla ya kufungwa, au kitu kigumu kilipita kati yake na puli.

*Mkanda wa pili unakufa haraka kuliko wa kwanza.* Angalia puli. Meno yake yakiwa yamelika na kuwa kama ndoano, au ukiona ngazi ukipitisha ukucha, badilisha puli zote mbili pamoja na mkanda. Mkanda mpya juu ya puli zilizochakaa hautamaliza msimu.